Maneno ya Nani? Kitabu cha André Yav na Kazi ya Kutaja Wenye Maneno

Katika mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi, mtu mmoja jina lake André Yav alimaliza kuandika historia ya mji ule. Aliiandika kwa ajili ya umoja wa watu waliokuwa zamani watumishi wa nyumbani, wale walioitwa maboi na Wazungu. Jina la kitabu ni la Kifaransa, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", lakini habari yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu cha Katanga, kama kinavyosemwa sokoni na kambini, hapa Likasi na kule Lubumbashi. Karatasi zake zilipigwa kwa mashine na kugawanywa kwa nakala chache. Maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati, na nukta ni haba.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, mtaalamu Johannes Fabian alikitoa kitabu kile huko Ulaya. Twawaomba wasomaji wetu watazame kwanza jinsi jalada linavyosema, kwa maana mafundisho yote ya leo yamo humo. Lasema ya kuwa hii ni habari ya André Yav. Lasema ya kuwa Fabian ndiye aliyeitengeneza, akaifasiri na kuieleza. Lasema ya kuwa Kalundi Mango alimsaidia, na ya kuwa maelezo juu ya lugha ni ya Schicho. Watu wanne, kazi nne, na kila mmoja amepewa iliyo yake.

Mbona wanne kwa kitabu kimoja? Kwa sababu karatasi za Yav zilikuwa ngumu kusomeka kwa macho tu. Mtu asiyezisoma kwa sauti hajui neno laanzia wapi na kuishia wapi. Basi Kalundi, ambaye Kiswahili cha Katanga ni lugha yake, alizisoma kwa sauti, na kusoma kwake kukaandikwa upya. Kutoka hapo Fabian akafasiri kwa Kiingereza. Katika kitabu kilichochapwa mna karatasi zenyewe za Yav kama alivyoziacha, mna maandiko yaliyotokana na sauti ya Kalundi, na mna tafsiri. Msomaji aweza kushuka kutoka tafsiri mpaka maandiko ya kwanza, aone mwenyewe kama amedanganywa.

Sasa tuseme kijana wa chuo hapa Likasi aandika kazi yake ya kumaliza masomo juu ya maisha ya watumishi wakati wa ukoloni. Amekipata kitabu hiki. Kiingereza chakwenda vizuri machoni pake kuliko zile karatasi zenye maneno yaliyogandamana, basi asoma Kiingereza, akigeuza kwa Kiswahili safi cha vitabu, kisha aweka alama za kunukuu na kuandika chini yake: André Yav. Amemtaja mwenye maneno, wala hakuiba kitu. Hata hivyo ametenda kosa kubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu Yav hakusema maneno yale hata kidogo. Yale ni maneno ya kijana mwenyewe, aliyoyatoa katika maneno ya Fabian, ambaye aliyatoa katika usomaji wa Kalundi. Alama za kunukuu ni ahadi kwa msomaji ya kuwa herufi zilizo ndani yake zimetoka mkononi mwa mtu anayetajwa. Ahadi hiyo imevunjwa.

Njia ya haki si ngumu. Akitaka kumnukuu Yav, na arudi kwenye Kiswahili cha Yav, anukuu hicho, hata kama chamwonea haya kwa sarufi yake. Tahajia isiyo ya kawaida na aiache ilivyo. Na akiogopa kwamba msomaji atadhani mpiga chapa amekosa, aandike baada yake, ndani ya mabano ya mraba, [ndivyo ilivyoandikwa]. Akikata maneno katikati, aweke nukta tatu. Akiongeza neno ili habari ieleweke, liwe ndani ya mabano hayo hayo ya mraba, ili lijulikane kuwa si la Yav. Akifuata maandiko ya Kalundi badala ya karatasi za kwanza, aseme hivyo. Na akikigeuza Kiswahili cha Katanga kuwa Kiswahili cha vitabu, hiyo nayo ni tafsiri. Asiione kuwa usafi tu. Aondoe alama za kunukuu, au aandike wazi: tafsiri yangu.

Wako watakaosema haya ni mambo madogo ya wataalamu. Sisi hatuoni hivyo. Mtumishi wa zamani alipokaa kuandika historia ya mji kwa lugha aliyopikia na kufulia, lugha ile ilikuwa sehemu ya habari yake. Anayeisugua mpaka ing'are amemwondolea Yav ushahidi wake, akamwachia jina tu.

Kuna kosa la namna nyingine, nalo laonekana katika kitabu kinachojulikana zaidi kuliko hiki. Padre Placide Tempels, Mfransisko, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi katika nchi ya Baluba, aliandika kwa Kiflamandi juu ya fikira za Wabantu. Mwaka 1945 kitabu chake kilitolewa Elisabethville kwa Kifaransa, kwa tafsiri ya A. Rubbens. (Hata hapa, anayenukuu kwa Kifaransa anukuu maneno ya Rubbens, na ni wachache wanaolikumbuka jina hilo.) Tempels aeleza ya kuwa kwa Wabantu kuwapo ni nguvu. Lakini nani alimwambia? Wazee aliozungumza nao hawatajwi mmoja mmoja kwa jina, mahali na siku. Mwenyewe akiri ya kuwa haifai kutazamia Wabantu watatoa fikira zao zimepangwa kama kitabu, na ya kuwa kazi ya kuzipanga ni ya wageni kama yeye. Ndiyo maana Paulin Hountondji wa Benin, katika miaka ya 1970, alimlaumu yeye na waliomfuata: walitwaa fikira walizozipanga wenyewe wakazipa taifa zima kuwa mwenyewe wazo, hata asipatikane mtu mmoja wa kuulizwa.

Basi atumiaye kitabu cha Tempels asiandike, "Baluba waamini hivi na hivi." Aandike, "Tempels asema ya kuwa Baluba waamini hivi." Ni maneno mawili matatu tu yaliyoongezeka, lakini yamerudisha mzigo kwa aliyeubeba. Mbaluba akikataa, atajua amkatae nani.

Tumesema juu ya kunukuu. Kueleza fikira ya mtu kwa maneno yetu wenyewe ndiko kunakowaangusha wengi, na mara nyingi wasikusudie. Tutoe mfano. Sentensi hii tumeitunga sisi kwa ajili ya zoezi, haimo katika kitabu chochote: "Serikali ya kikoloni ilipoupa mji wa Likasi jina la Jadotville, haikubadili ubao wa stesheni tu; iliwafundisha wafanyakazi ya kuwa mahali walipolala ni mali ya mtu wasiyemjua."

Mwanafunzi aandika: "Utawala wa wakoloni ulipouita mji wa Likasi kwa jina la Jadotville, haukugeuza kibao cha stesheni peke yake, uliwafunza vibarua ya kuwa mahali walipolala palikuwa milki ya mtu wasiyemfahamu." Amebadili maneno kama kumi, naye ajiona amefanya kazi. Lakini wekeni sentensi mbili pamoja: mwanzo ule ule, kituo pale pale, ubao na mahali pa kulala vile vile. Mifupa ni ya mwandishi wa kwanza, nguo tu zimebadilishwa. Hata akimtaja mwandishi, bado msomaji atadhani namna ya kusema ni ya mwanafunzi. Hapo ama anukuu sawasawa, ama aandike upya.

Kuandika upya kwataka kufunga kitabu. Soma mpaka ufahamu, kifunge, ngoja kidogo, kisha mweleze mtu asiyekuwapo. Yaweza kutoka hivi: "Kwa maoni ya mwandishi huyu, jina jipya la mji lilikuwa fundisho la utawala. Wafanyakazi walipolisikia kila siku, walizoea kujiona wapangaji katika mji wao." Sasa fungua kitabu ulinganishe, ukitafuta mambo mawili. La kwanza, je, pamebaki maneno matatu au manne yanayofuatana kama yalivyokuwa? La pili, je, umeongeza jambo? Tazama, sisi tumetia neno "wapangaji", nalo halimo katika sentensi ya kwanza. Je, limo katika fikira yake? Yeye alisema mahali ni mali ya mwingine. Alalaye katika mali ya mwingine ni kama mpangaji. Basi laweza kupita. Lakini kama tungaliandika ya kuwa wafanyakazi walikasirika, tungalikuwa tumemsingizia, maana juu ya hasira hakusema neno. Na jina lake lazima liwe pale mwanzoni, katika "kwa maoni ya mwandishi huyu", ili msomaji ajue fikira yaanzia wapi. Likiwekwa mwisho wa fungu refu tu, hakuna ajuaye laanzia kuhesabiwa sentensi gani.

Ya kuwa mji uliitwa Jadotville kwa ajili ya Jean Jadot, Mbelgiji, ni habari ya wote; haina haja ya kumtaja mtu. Maana ya jina lile kwa wafanyakazi ni wazo la mtu, nalo lina mwenyewe.

Tukichunguza kazi ambamo maneno ya wengine yamepita bila kutajwa, mara nyingi twakuta chanzo ni daftari. Kijana alinakili fungu zima mwezi wa Februari bila alama. Mwezi wa Juni alisoma daftari lake, akaona mwandiko wake, akadhani ni fikira zake. Dawa yake ni kuweka alama za kunukuu daftarini saa ile ile ya kunakili, pamoja na ukurasa, na kuandika fikira zako upande mwingine wa karatasi, au kwa wino mwingine.

Daftari la mazungumzo na wazee litunzwe vivyo hivyo: jina la mzee, mtaa, tarehe, lugha aliyosema, na kama amekubali atajwe. Akikataa, aandikwe "mzee wa Panda, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda", na tarehe ibaki. Maneno aliyoyasema kwa Kisanga au Kiluba, nawe ukayaandika kwa Kiswahili, yasipewe alama za kunukuu bila kusema nani ameyafasiri.

Na yule asiyekipata kitabu cha Fabian, ila amekuta habari ya Yav katika makala ya mtu wa tatu, aandike hivyo hivyo: Yav, kama anavyotajwa na fulani, ukurasa fulani.