Septrini: kwa nini dawa mbili ndani ya kidonge kimoja

Ukiingia duka la dawa pale Garsen au Hola ukaomba Septrini, utapewa kidonge cheupe ambacho pakiti yake imeandikwa 480. Ukisoma maandishi madogo, utaona kuwa ndani yake mna dawa mbili: sulfamethoksazoli miligramu 400 na trimethoprimu miligramu 80. Zote mbili humshambulia bakteria kwa njaa: zinamnyima foleti.

Foleti ni vitamini. Bila hiyo seli haiwezi kutengeneza DNA, na isipotengeneza DNA haizaliani. Sisi binadamu huipata kwenye chakula, kama vile mchicha, kunde na maini. Bakteria wengi hawawezi kuichukua kutoka nje; lazima waitengeneze wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayotuwezesha kumdhuru bakteria bila kumdhuru mgonjwa.

Kazi hiyo ya bakteria ina hatua mbili tunazozihitaji hapa. Kwanza huchukua kemikali iitwayo PABA na kuiunganisha ili kupata foleti ambayo bado haijakamilika. Kisha kimeng'enya kingine huikamilisha ili itumike. Sulfa imefanana na PABA, kwa hiyo hukalia nafasi yake na kuzuia hatua ya kwanza. Trimethoprimu hukalia kile kimeng'enya cha hatua ya pili. Binadamu pia tuna kimeng'enya hicho cha pili, lakini chetu hakishikwi na trimethoprimu ila ikiwa nyingi maelfu ya mara zaidi.

Sasa, kwa nini zote mbili? Fikiria mfereji unaotoa maji Mto Tana kupeleka shambani, wenye malango mawili yanayofuatana, na hakuna linaloziba kabisa. Ukifunga lango la kwanza peke yake, maji kidogo yatapenya, na yaliyokwisha kupita yataendelea kunywesha mimea kwa muda. Ukifunga la pili peke yake, maji yatajaa nyuma yake mpaka yalisukume. Ndivyo ilivyo ndani ya bakteria: trimethoprimu ikiwa peke yake, foleti isiyokamilika hurundikana na kuing'oa dawa mahali pake. Funga yote mawili, na lango la pili halina tena mzigo wa kulisukuma. Kila dawa ikiwa peke yake mara nyingi humsimamisha bakteria tu. Zikiwa pamoja mara nyingi humuua.

Kipimo cha tano kwa moja nacho kina sababu. Trimethoprimu husambaa zaidi kwenye viungo vya mwili, hivyo katika damu uwiano unakuwa kama ishirini kwa moja, ambao ndio unaofaa kwa bakteria wengi. Tena nusu ya kila dawa hutoka mwilini kwa takriban saa 10, kwa hiyo moja haibaki peke yake nyingine ikiwa imekwisha.

Lakini ushirika huu una mipaka. Usaha una PABA na mabaki ya DNA ambayo bakteria huyatumia kuyakwepa malango yote mawili. Jipu lililoiva lataka kupasuliwa, si Septrini tu. Na bakteria akishakuwa sugu kwa dawa moja, mgonjwa anabaki na lango moja. Wako wanaobeba usugu wa zote mbili pamoja, na kuupitishia wenzao.

Hapa pwani kuna jambo jingine la kuangaliwa. Chukua mfano wa mama mjamzito wa Minjila anayeishi na VVU, ambaye humeza Septrini ya miligramu 960 kila siku. Akienda kliniki ya wajawazito, wenzake wanapewa vidonge vitatu vya SP, ambavyo wengi wanavijua kama Fansida, kwa kinga ya malaria. SP ni sulfadoksini na pirimethamini: sulfa nyingine kwa lango lile la kwanza, na dawa nyingine kwa lango lile la pili, safari hii ndani ya kimelea cha malaria. Mama huyu hapaswi kupewa SP. Septrini yake tayari inamkinga, na sulfa mbili zikikutana huongeza hatari ya madhara makali ya ngozi na damu. Mwongozo wa Kenya unasema hivyo hivyo. Basi amwambie muuguzi waziwazi, au amwonyeshe kijitabu chake, kabla ya kumeza.

Na yeyote anayetumia dawa hizi akiona upele unaoenea, malengelenge, vidonda mdomoni au macho mekundu, asimeze kidonge kingine. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na pakiti ya dawa mkononi.