Wiki ya mwisho kabla ya mshahara: fanya hesabu katikati ya mwezi

Kama unalipwa kila mwezi, iwe ni mshahara, posho ya kazi ya kujitolea au pesa ya mradi, unaijua wiki ya tarehe 21 hadi 28. Mafuta yameisha, mwenye duka anafungua daftari la madeni, na wewe unaandikwa humo tena. Mshahara ukifika, nusu yake inakwenda kulipa wiki iliyopita, na mwezi mpya unaanza ukiwa tayari na pengo.

Tangu Mei 2025, Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilipowaondoa watu milioni moja kwenye msaada wa chakula Uganda, mshahara mmoja mara nyingi unalisha midomo mingi kuliko zamani. Makala hii inaeleza hesabu moja tu, inayofanywa usiku wa tarehe 14 au 15. Inahitaji karatasi, kalamu na kama nusu saa. Mshahara wako hautaongezeka. Utakachopata ni kuliona pengo ukiwa bado na siku za kutosha za kuliziba.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa mwalimu msaidizi anayeishi Lobule, wilaya ya Koboko, na watu watano nyumbani. Analipwa tarehe 28 kwa simu. Bei na kiasi katika mfano huu ni vya kuonyesha njia tu. Wewe weka vyako.

Usiku wa tarehe 14 anahesabu pesa zote alizonazo. Mkononi kuna shilingi 18,000. Anapiga *165# kuangalia salio la MTN (wa Airtel anapiga *185#) na kukuta 80,000. Jumla ni 98,000. Pesa aliyoahidiwa na shemeji haiingii hapa, wala deni analomdai jirani. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanahesabu pesa iliyo mfukoni mwa mtu mwingine, halafu tarehe 23 mtu huyo hapokei simu.

Kisha anaondoa gharama ya kutoa pesa. Wakala ana ada yake, na juu yake serikali inakata kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Kwa 80,000 anatenga 2,500. Zimebaki 95,500.

Baada ya hapo anaandika kila kitu ambacho lazima kilipwe kabla ya mshahara: akiba ya kikundi 5,000 kwa wiki, mara mbili, ni 10,000, mchango wa shule wa tarehe 20 ni 15,000, mchango wa msiba aliokwisha kuahidi ni 5,000. Jumla 30,000. Kama kuna deni la zamani kwenye daftari la duka, nalo linaingia hapa. Kwake halipo. Pesa ya kuishi ni 65,500.

Sasa siku. Kuanzia tarehe 15 mpaka 28 ni siku 14. Lakini kila aliyefanya kazi na mashirika au shule anajua kwamba tarehe 28 si ahadi. Orodha ya malipo inaweza kukwama ofisini, au namba ya simu ikaandikwa vibaya. Kwa hiyo anaongeza siku 3, na kupata siku 17. Ukiziacha siku hizi tatu, hesabu nzima itakudanganya. Ni afadhali ukose hata kipengele kingine.

65,500 gawanya kwa 17 ni kama 3,850 kwa siku.

Mwisho anajiuliza: siku saba zilizopita nilitumia kiasi gani kweli? Anakumbuka pamoja na wa nyumbani, siku moja moja, kwa sababu mtu akiwa peke yake husahau vitu vidogo. Wanapata 42,000, yaani 6,000 kwa siku. Kwa mwendo huo, siku 17 zinahitaji 102,000, naye ana 65,500. Pengo ni 36,500, na pesa itaisha tarehe 25.

Kwa nini tarehe 15 na si 22

Angengoja mpaka asubuhi ya tarehe 22, angekuwa ameshatumia 42,000 nyingine. Angebaki na 23,500 kwa siku 10, yaani 2,350 kwa siku. Nyumba iliyozoea 6,000 haiwezi kushuka mpaka hapo bila kukopa au kulala njaa. Lakini pengo hilo hilo likigawanywa kwa siku 17, anahitaji kupunguza kama 2,150 kwa siku. Ni ngumu, lakini inawezekana.

Kuziba pengo

Anaangalia ile 42,000 ilikwenda wapi: chakula 21,000, makaa 6,000, boda 6,000, muda wa maongezi na data 5,000, na vitu vidogo vidogo 4,000. Anaanza na visivyoliwa.

Boda inashuka kutoka 6,000 mpaka 2,000 kwa wiki. Anakwenda Koboko mjini mara moja tu, na shughuli zote anazipanga siku hiyo. Kwa siku 17 anaokoa karibu 9,500. Data inashuka mpaka 2,000 kwa wiki, na hapo anapata kama 7,000. Makaa yanapungua kwa kuloweka maharage usiku kucha na kupika ya siku mbili kwa mara moja, ila ya kesho yapozwe haraka, yafunikwe, na yachemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa. Hapo anapata 4,500. Jumla ni 21,000.

Halafu kikundi cha akiba. Katika vikundi vingi vya mtindo wa VSLA, mwanachama ananunua hisa moja mpaka tano kila mkutano. Huyu hununua tano za shilingi 1,000. Kwa mikutano miwili ijayo atanunua moja moja, na kuokoa 8,000. Watu huona aibu kufanya hivi mbele ya wenzao, ndiyo maana wanaweka hisa tano leo na kukopa dukani kesho. Sanduku la kikundi halikulazimishi tano. Kanuni zinaruhusu moja, na mwezi mzuri ukija utarudi kwenye tano. Hata hivyo, soma kanuni za kikundi chako kwanza.

Chakula kinakuja mwisho. Hapunguzi mlo wa watoto. Anabadilisha namna ya kununua: mafuta kwa chupa badala ya kipimo cha kila jioni, maharage kwa kilo badala ya kikombe, na mukene siku ya soko. Kwake hiyo inaokoa 3,000 kwa wiki, kama 7,000 kwa siku zote.

Jumla amepata 36,000. Zimebaki 500, na hizo tusigombane nazo.

Funga chakula cha wiki ya mwisho sasa

Karatasi peke yake haizuii mkono. Tarehe 15 au siku ya soko inayofuata, anatoa sehemu ya pesa na kununua vikavu vya wiki ya mwisho: unga, maharage, chumvi, mafuta, sabuni. Anavifunga kwenye gunia na kuviweka mbali na jiko. Havifunguliwi kabla ya tarehe 22. Unga na maharage viwe vikavu kabisa na visikae chini kwenye udongo. Viweke juu ya mbao au mawe, la sivyo unyevu na wadudu watakula akiba yako kabla yako.

Pesa inayobaki aiache kwenye simu na kuitoa mara moja au mbili. Ukitoa 3,000 leo na 3,000 kesho, ada ya wakala inakula pesa ya nyanya.

Usiku wa tarehe 21 anahesabu tena, kwa dakika tano. Baada ya kupunguza hisa, pesa ya kuishi ilikuwa 73,500, yaani kama 4,300 kwa siku. Siku saba zikipita, anatakiwa awe na karibu 43,000, akijumlisha pesa na bei ya vilivyo kwenye gunia. Akikuta 41,000, anaendelea. Akikuta 34,000, kuna kitu kilichovuja, na kwa kawaida ni kimoja kikubwa: mgeni, dawa, au boda mbili ambazo hazikuandikwa. Akijua ni kipi, anaweza kurekebisha siku 10 zilizobaki badala ya kulaumu kila kitu.

Pengo likikataa kuzibika

Kuna nyumba ambako karibu yote ni chakula na dawa, hakuna boda wala data ya kupunguza. Hapo hesabu haitaleta pesa, na usijilaumu kwa hilo. Bado ina faida: una wiki moja ya kutafuta kibarua, kuuza kuku kwa bei unayoitaka badala ya bei ya mwenye haraka, au kuzungumza na shule kuhusu mchango kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Kama kuna ugonjwa au msiba, uliza mfuko wa jamii wa kikundi chako. Katika vikundi vingi mfuko huo umetengwa kwa shida kama hizo, na mara nyingi hauna riba.

Ukilazimika kukopa, piga hesabu ya riba kabla ya kupokea. Mtu akikupa 20,000 na kutaka 24,000 baada ya wiki moja, hiyo ni asilimia 20 kwa wiki. Kiwango cha juu kilichowekwa Uganda mwaka 2024 kwa wakopeshaji ni asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani shilingi 560 kwa mkopo huo huo. Tena, sheria ya mwaka 2016 ya wakopeshaji inakataza kushika kitambulisho chako au kadi yako ya benki na namba yake ya siri kama dhamana. Wanaokopesha mlangoni mara nyingi hawana leseni, na ndio wanaoomba kwanza hati ya ukimbizi. Usiiache kwao. Bila hati hiyo unaweza kushindwa kusajili laini ya simu au kupokea huduma, na mshahara unaoungoja huenda unapitia laini hiyo hiyo.

Mshahara ukifika, kabla ya kununua chochote, andika kwenye karatasi ile ile tarehe halisi uliyolipwa. Ukiwa na miezi mitatu ya tarehe hizo, utajua kama siku 3 za kuchelewa zinakutosha, au kwako wewe ni 6.