Mvua ya Jumatatu



Kila tunapokutana katika sherehe zetu hapakosi mtu wa kuuliza habari za kile kisanduku cheupe kilichokuwa kimesimama kwa miguu minne nyuma ya maabara. Wengine hudhani kilikuwa mzinga wa nyuki. Kwa kuwa nilikuwa kiranja wa kituo chetu cha hali ya hewa mwaka 1980 na 1981, naona yafaa niandike historia yake kabla haijapotea, pamoja na sehemu moja ya historia hiyo ambayo haikuandikwa katika daftari.

Kituo kilianza mwaka 1979, wakati vita vya Kagera vilikuwa vimekausha maduka. Hata chaki zilipatikana kwa taabu, sembuse vyombo vya kupimia hewa. Mwalimu wetu wa Jiografia hakukata tamaa. Alichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, akampelekea fundi wa makopo mjini Tanga pamoja na kipande cha bati, akamwagiza atengeneze faneli ya duara ambayo mdomo wake una upana wa inchi 5 kamili, yaani sentimita 12.7. Kipimo hicho hakukibuni yeye. Ndicho cha vipimamvua vya kawaida vilivyotapakaa Afrika ya Mashariki tangu enzi za Mwingereza, navyo vilikuwapo katika mashamba mengi ya mkonge ya mkoa wetu. Ndani ya kopo tuliweka chupa ya bia, faneli ikaingia katika shingo ya chupa, kisha kopo likafukiwa nusu, mdomo wake ukiwa sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Mwembe uliokuwa karibu ulikuwa na urefu wa mita 9, kwa hiyo tulipima hatua za mita 18 tukakaa huko, maana mti hukinga mvua ya upepo hata kama haukufunika juu.

Hesabu yake ni nyepesi, na wanafunzi wa leo wanaweza kuijaribu. Mdomo wa upana huo una eneo la karibu sentimita mraba 127. Mvua ya milimita moja ikianguka humo hutoa maji ya sentimita za ujazo 12.7. Basi tulimimina maji ya chupa katika silinda ya maabara, tukagawanya kwa 12.7, tukapata milimita. Chupa ya bia ilijaa mvua ilipofikia kama milimita 39, na iliyozidi ilimwagikia ndani ya kopo, nasi tukaipima pia. Hakuna kilichopotea, na jambo hili mlikumbuke, kwani ndilo lililotuumbua.

Kile kisanduku chenyewe kiliitwa sanduku la Stevenson, kwa jina la mhandisi wa Uskochi Thomas Stevenson, baba yake yule Robert Louis aliyetunga hadithi tuliyoisoma kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kuta zake ni za vibao vilivyolazwa kwa mshazari kama madirisha ya hospitali, upepo upite lakini jua lisiingie, na rangi yake ni nyeupe ili lisipate moto. Vitabu vya Ulaya vilisema mlango uelekee kaskazini. Sisi Tanga tuko digrii 5 tu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Desemba jua la adhuhuri liko upande wa kusini, na Juni liko kaskazini. Fundi seremala wetu alitia milango miwili, tukafungua ule ulio upande wa kivuli. Ndani mlikuwa na kipimajoto cha juu na chini, ambacho huacha alama mahali joto lilipofika mchana na lilipoteremka usiku, mpaka msomaji arudishe alama hizo kwa sumaku. Mshale wa upepo ulikuwa bati tu juu ya mti, na nguvu ya upepo tuliikadiria kwa kutazama makuti ya minazi. Juu ya upepo sina mengi ya kusema.

Kusoma vyombo kulifanywa saa tatu kamili asubuhi, kila siku, kwa zamu. Tulichopima saa tatu tulikiandika katika tarehe hiyo hiyo. Mwalimu alisisitiza saa moja isiyobadilika, kwa sababu mvua ya siku maana yake ni mvua ya saa 24, si ya saa 20 leo na ya saa 30 kesho.

Baada ya masika ya 1980 tulikuwa na kurasa za kutosha kuanza kutafuta mwenendo. Tulichora kaskazi ikizimika mwezi Machi na kusi ikianza, na mvua ikija katikati yake, jambo ambalo kila mvuvi wa Tanga alilijua bila daftari. Tukataka jipya. Mwenzetu mmoja, hodari wa hesabu, alijumlisha mvua kwa siku za juma: Jumatatu zote pamoja, Jumanne zote, na kuendelea. Ndipo tulipoona ajabu. Jumatatu ilikuwa na mvua karibu mara mbili ya siku yoyote nyingine, na Jumapili ilikuwa kavu kama Januari.

Tulifurahi kupita kiasi. Tuliandika makala katika gazeti la ukutani. Mmoja wetu alieleza kwamba viwanda vya mjini hupumzika Jumapili, hewa ikasafika, kisha moshi wa Jumatatu ukavuta mawingu. Mwingine, mcha Mungu, alikuwa na sababu yake. Mwalimu alisoma makala yote mawili bila kucheka. Alituambia tu kwamba mawingu hayana kalenda. Kaskazi inatokana na jua na bahari, lakini juma la siku saba limepangwa na watu. Kwa hiyo tukiona kitu kinachofuata juma, tutafute watu kwanza.

Akaenda katika shamba la mkonge lililokuwa kama kilomita mbili kutoka shuleni, ambako karani alipima mvua kila asubuhi bila kukosa, akaomba kunakili daftari lake. Kwanza alilinganisha jumla za mwezi. Zilikaribiana sana, zetu na zao, nami nikashusha pumzi. Nilidhani tumepona. Kisha akaanza kulinganisha siku kwa siku. Nakumbuka mfano alioandika ubaoni. Jumamosi, sisi milimita 12, shamba 12. Jumapili, sisi 0, shamba 18. Jumatatu, sisi 31, shamba 14. Akachora mstari, akajumlisha siku mbili za mwisho: zetu 31, zao 32. Maji yalikuwa yale yale. Mvua ya Jumapili ilikuwa imelala ndani ya chupa ikingoja Jumatatu.

Akafunua na ukurasa wa joto. Kwa majuma mengi joto la Jumapili, la juu na la chini, lilikuwa sawasawa na la Jumamosi, hata kwa nusu digrii. Hewa haijirudii namna hiyo. Nambari zilikuwa zimenakiliwa kutoka mstari wa juu.

Mambo yalikuwa wazi. Jumapili tulipewa ruhusa ya kwenda mjini kuanzia saa mbili, na hakuna aliyetaka kubaki mpaka saa tatu kwa ajili ya chupa. Mwenye zamu aliandika sifuri, mara nyingi usiku wa Jumamosi. Adhabu ilimwangukia kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa na zamu Jumapili ile ya mfano wa ubaoni. Alifyeka nyasi juma zima. Hakujitetea, ila alinitazama. Mimi, kiranja, ndiye niliyemfundisha yeye na wenzake wote kwamba Jumapili ni sifuri, kwa sababu kidato cha pili nilifanya hivyo hivyo, na aliyenitangulia alinifundisha. Mwalimu aliuliza darasa zima kama kuna mwenye la kusema. Sikusema. Naandika leo kwa kuwa najua mwenzetu huyo hulipokea gazeti hili.

Mtauliza, kama jumla ya mwezi ilikuwa sahihi, hasara ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kila kitu kingine. Siku za mvua zilihesabiwa pungufu. Mvua kubwa ya siku moja ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa, nayo ndiyo nambari ambayo mhandisi huitazama anapoamua ukubwa wa kalvati. Na mkulima anayetaka kujua mvua za kwanza zilikatika kwa siku ngapi kabla hajapanda mahindi hudanganyika na sifuri isiyo ya kweli. Tena si sisi peke yetu. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Australia, Viney na Bates, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kosa hili hili katika rekodi za vituo vilivyohesabiwa kuwa bora nchini mwao: Jumapili pungufu, Jumatatu nyingi, bila alama yoyote kuonyesha kwamba ni maji ya siku mbili au zaidi. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza.

Dawa yake ni rahisi, na inawahusu vijana mnaotaka kufufua kituo. Siku isiyopimwa msiiandikie sifuri; iacheni wazi. Siku ya pili andikeni jumla, mzizungushie siku zote mbili mabano, na kando muandike kwamba ni ya siku mbili. Msiigawanye nusu kwa nusu, kwani hiyo ni kubuni tena. Kila mwisho wa mwaka hesabuni siku zenye mvua kwa siku za juma. Tofauti ndogo si kitu, lakini siku moja ikipwaya na inayofuata ikivimba, mwulizeni mwenye zamu. Hata chombo cha kisasa kinachojisomea chenyewe kina namna yake ya kuandika sifuri, jani likiziba faneli. Hapo mvua haiji Jumatatu, huchuruzika polepole siku nzima ya jua.

Mwalimu alitafuta njia ya kuokoa kurasa zetu. Pale daftari la shamba lilipoonyesha mvua ya Jumapili, alifuta sifuri kwa wino mwekundu na kuweka mabano. Pale lisipoonyesha, aliacha alama ya kuuliza. Halafu akapanga upya zamu, Jumapili akajiandika mwenyewe.

Yule kijana wa kidato cha kwanza alikuja kuwa kiranja wa kituo baada yangu. Nilipotembelea shule mwaka huo wa mwisho wake, alinifungulia daftari bila neno. Jumapili zote zilikuwa zimejazwa, na ile ya Pasaka ilikuwa na milimita 7 na robo.