Kubadilisha bei kwenye duka lako la mtandaoni bila kuuza kwa hasara

Bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba haikai. Siku za giza wavuvi huwasha taa ziwani na dagaa huja kwa wingi. Mbalamwezi ikishika, mavuno hupungua na bei hupanda. Anayeuza dagaa wa paketi mtandaoni hawezi kumsubiri fundi kila mara. Hapa tunaeleza WooCommerce, maana ndiyo inayoendesha maduka mengi yaliyojengwa kwa WordPress.

Tuseme paketi ya nusu kilo ilikuwa Sh 6,000, na wakati wa giza uliweka punguzo la Sh 5,000. Sasa unataka kuuza Sh 7,500. Ingia kwa kuongeza `/wp-admin` mwishoni mwa anwani ya duka lako, fungua `Products`, kisha bofya jina la bidhaa. Teremka hadi `Product data`, sehemu ya `General`. Utaona visanduku viwili: `Regular price` ni bei ya kawaida, `Sale price` ni ya punguzo.

Wengi hukosea hapa. Ukiandika 7500 kwenye cha kwanza na kuacha 5000 kwenye cha pili, mteja ataendelea kulipa Sh 5,000, na duka litamwonyesha kwamba amepunguziwa zaidi! Futa kabisa kilichomo kwenye `Sale price`, kisha bofya `Update`. Usipobofya hapo, hakuna kilichobadilika.

Andika tarakimu tupu: 7500. Ukiweka mkato, mfumo utakuonya. Ukiweka nukta, yaani 7.500, huenda usionywe kabisa, kwa sababu kwa mpangilio wa kawaida nukta hutenga desimali. Paketi yako itakuwa ya shilingi saba na nusu.

Kama bidhaa moja ina vipimo kadhaa, nusu kilo na kilo, bei haipo `General`. Nenda `Variations`, fungua kipimo kimoja kimoja, badilisha, bofya `Save changes`, halafu `Update`.

Ukimaliza, usijiamini kwa kuangalia ukiwa umeingia kama mwenye duka. Tovuti nyingi huwahifadhia wageni nakala ya ukurasa ili ufunguke haraka, hivyo wewe unaweza kuona bei mpya na wao ya zamani. Fungua dirisha la faragha kwenye simu, itafute bidhaa, uiweke kwenye kikapu. Kikapu kikionyesha 7,500 na ukurasa wa bidhaa 5,000, bei imeshahifadhiwa. Kilichobaki ni kufuta nakala hiyo ya zamani, na hapo mpigie aliyekutengenezea tovuti akuonyeshe kitufe chake.

Oda iliyokwisha kuwekwa hubaki na bei yake ya zamani. Aliyeacha paketi kwenye kikapu bila kukamilisha oda, akirudi atakuta bei mpya, na pengine atakupigia simu kuuliza.