Mgawo wa maneno katika ufupisho

Mgawo wa maneno ni idadi ya maneno inayotengewa kila sehemu ya matini kabla ya kuanza kuifupisha. Jumla ya migawo yote hulingana na urefu unaolengwa. Mfupishaji asiyeutumia kwa kawaida hubana mwanzo kidogo, kisha hukata mwisho ovyo nafasi inapomwishia.

Tuchukue makala ya maneno 480 kuhusu mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, inayotakiwa kufikia theluthi moja, yaani maneno 160. Ina sehemu tatu: mahali (90), historia ya mgodi (210) na zuio la makinikia (180). Msomaji aliyekusudiwa anataka kuelewa zuio hilo, hivyo sehemu hazipunguzwi kwa uwiano sawa. Mgawo wa mwisho unakuwa 20, 50 na 90.

Kazi hufanywa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza hulenga maneno 300, kwa mgawo wa 45, 120 na 135, nayo huondoa hoja nzima. Awamu ya pili hufikia 160 kwa kubana lugha ya hoja zilizosalia. Mpangilio huo ukigeuzwa, mfupishaji hupoteza muda akinoa sentensi zitakazofutwa baadaye.

Sentensi ifuatayo, kutoka sehemu ya tatu, ina maneno 24:

*Mwezi Machi mwaka 2017, Serikali ya Tanzania ilitoa amri ambayo ilizuia usafirishaji wa makinikia ambayo yalikuwa yakipelekwa nje ya nchi kwa ajili ya kuyeyushwa.*

Kirejeshi *amba-* cha pili kikiingizwa ndani ya kitenzi badala ya *ambayo yalikuwa yakipelekwa*, na *mwezi*, *mwaka*, *ilitoa amri ambayo* na *kwa ajili ya* yakiondolewa, yanabaki maneno 14:

*Machi 2017, Serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia yaliyopelekwa nje ya nchi kuyeyushwa.*

Ikiwa nchi na lengo la kuyasafirisha vimekwisha kutajwa katika sentensi zilizotangulia, maneno 9 yanatosha:

*Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi.*

Hapo ndipo pa kukoma. *Serikali ilizuia makinikia* ni fupi zaidi, lakini inadai kwamba bidhaa yenyewe ilipigwa marufuku, ilhali kilichozuiwa ni kuipeleka nje. Kipimo ni kuuliza kama msomaji asiyeiona matini asilia angeelewa jambo lile lile.

Sehemu ikizidi mgawo baada ya kubanwa hivyo, kuna hoja iliyopaswa kuondoka katika awamu ya kwanza. Mfupishaji huiondoa, au hukopa maneno kutoka sehemu nyingine na kupunguza mgawo wa sehemu hiyo kwa idadi ile ile.

Ikumbukwe pia kuwa hesabu ya maneno ya Kiswahili inaweza kuhadaa. *Yaliyopelekwa* huhesabiwa neno moja, ingawa limebeba maana ya *ambayo yalipelekwa*. Kuunganisha maneno hupunguza idadi yake bila kupunguza mzigo wa msomaji. Kwa hiyo sentensi iliyojaa virejeshi huenda ikatimiza mgawo na bado ikawa nzito kusomeka.