Baridi Yabisi na Mashahidi Wake

Kiswahili kina jina la ugonjwa ambalo tayari limeshatoa hukumu. Mtu mzima akiumwa magoti na vidole huambiwa ana baridi yabisi. Baridi tunaijua, yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya ukavu. Jina hilo ni masalia ya tiba ya kale iliyoanzia kwa Wagiriki, ikakuzwa na matabibu kama Ibn Sina, ikafika pwani yetu kwa njia ya Waarabu. Katika tiba hiyo mwili una joto au baridi, rutuba au ukavu, na maradhi ni mizani iliyopotea. Hivyo kila tunapoutaja ugonjwa huu tunawataja pia watuhumiwa wawili: baridi na ukavu.

Je, ushahidi upo? Swali hili lina historia ndefu, na sehemu yake ya kuvutia zaidi inaanza na mguu ambao haukuwepo.

Mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ofisa mmoja wa mizinga, Kapteni Catlin, alipoteza mguu. Kidonda kilipona lakini maumivu yalibaki, mengine yakitoka katika ule mguu uliokwisha kukatwa. Kapteni hakuishia kulalamika. Kwa miaka kadhaa aliandika maumivu yalianza lini, yalidumu kwa muda gani na yalikuwa makali kiasi gani, kisha akayalinganisha na taarifa za hali ya hewa. Daktari wake, Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, alichapisha matokeo mwaka 1877. Kwa maelezo yao, dhoruba iliposafiri kuvuka bara ilitanguliwa na mvua, na mvua nayo ilizungukwa na ukanda wa maumivu wenye upana wa takriban maili 150. Mtu angeweza kuumwa chini ya anga safi, pembeni kabisa mwa dhoruba ambayo mvua yake isingemfikia.

Ilikuwa kazi ya uvumilivu mkubwa, lakini ilikuwa na mgonjwa mmoja. Tena dhoruba huja na kila kitu kwa pamoja: mgandamizo wa hewa hushuka, unyevu hupanda, upepo huvuma na joto hubadilika. Ukiwa nje huwezi kumtenga mtuhumiwa mmoja ukamhoji peke yake.

Hilo ndilo alilojaribu Joseph Hollander mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mji uleule wa Mitchell. Alijenga chumba ambacho hali ya hewa yake iliendeshwa kwa mitambo, akawaweka wagonjwa wachache wa viungo waishi humo. Alipobadilisha unyevu peke yake, au mgandamizo peke yake, hakuona jambo kubwa. Alipopandisha unyevu huku akishusha mgandamizo, kama dhoruba inavyofanya, wengi wao walizidiwa. Baridi haikuwa kiini cha habari hiyo. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wachache mno kuweza kufunga kesi.

Mwaka 1996 upande wa utetezi ulipata wakili hodari. Daktari Donald Redelmeier na mwanasaikolojia Amos Tversky waliwafuatilia wagonjwa 18 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Walimuuliza kila mmoja ni hali gani ya hewa inayomuumiza, kisha wakalinganisha maumivu yake na hali hiyohiyo aliyoitaja. Hawakupata uhusiano wa maana. Ndipo wakawapa wanafunzi 97 orodha mbili za namba zisizohusiana kabisa, wakaambiwa moja ni ya maumivu na nyingine ni ya hali ya hewa. Wanafunzi wengi waliona uhusiano.

Sababu waliyoitoa inaeleweka ukichora visanduku vinne: mvua na maumivu, mvua bila maumivu, maumivu bila mvua, na siku isiyo na lolote. Kujua kama kuna uhusiano unahitaji kuhesabu visanduku vyote. Lakini akili hukihifadhi cha kwanza tu. Siku ya mvua goti likatulia, nani atakumbuka? Goti haliwezi kukusimulia kwamba leo halikuuma.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inaacha mlango wazi: wagonjwa 18, waliopimwa kwa nyakati zilizoachana, wanaweza kukosa kuonyesha athari iliyopo kama athari yenyewe ni ndogo. Ili kuiona unahitaji watu wengi wanaoandika kila siku. Chuo Kikuu cha Manchester kilifanya hivyo kwa kutumia simu za mkononi, chini ya Profesa Will Dixon, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Watu 2,658 wenye maumivu sugu, wengi wao wa viungo, waliandika hali zao kwa miezi 15 huku simu ikionyesha walipo, hivyo hali ya hewa ya mahali hapo ikajulikana. Kila mtu alilinganishwa na nafsi yake: siku maumivu yalipopanda, dhidi ya siku nyingine za mwezi huohuo zisizo na kupanda huko. Kwa njia hiyo umri, uzito au aina ya ugonjwa haviwezi kupotosha hesabu.

Unyevu mwingi ulihusishwa na maumivu kuliko kitu kingine chochote, ukifuatwa na mgandamizo mdogo na upepo mkali. Joto au baridi peke yake haikuonyesha uhusiano wa wazi. Lakini tazama ukubwa wake. Kama katika siku ya kawaida uwezekano wa kuzidiwa ni 5 kwa 100, katika siku mbaya yenye unyevu na upepo unakuwa kama 6 kwa 100. Athari ipo, nayo ni ndogo kiasi kwamba wagonjwa 18 wangeweza kuipitia bila kuionyesha. Basi bibi anayesema mvua inakuja hasemi uongo, na Tversky naye hakukosea kuhusu kumbukumbu zetu.

Kichwa kina kesi yake. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza watu 7,054 waliofika chumba cha dharura kwa maumivu ya kichwa. Kila joto lilipopanda kwa nyuzi 5 za Selsiasi, hatari ya kufika hospitali siku iliyofuata iliongezeka kwa asilimia 7.5. Hapa tena baridi haikuwa mshitakiwa mkuu, lilikuwa joto.

Matokeo haya hayahamishiki moja kwa moja hadi Tanga au Kampala. Uingereza hupitiwa na dhoruba zinazoshusha mgandamizo kwa hektopaskali 20 au zaidi ndani ya siku mbili. Karibu na ikweta mgandamizo husogea kidogo sana, hupanda na kushuka kwa hektopaskali chache kila siku kwa saa zilezile. Kwa upande mwingine, anayepanda treni Mombasa akashuka Nairobi amepoteza zaidi ya hektopaskali 150 kwa sababu ya mwinuko tu. Kama mgandamizo peke yake ungetosha kuumiza, stesheni ya Nairobi ingejaa wanaochechemea.

Anayetaka kujua habari za goti lake afanye kama Kapteni Catlin, akiongeza visanduku vya Tversky. Aandike maumivu kila jioni, kwa namba kutoka 0 hadi 10, kabla ya kutazama utabiri, na siku za 0 aziandike pia. Baada ya miezi kadhaa aweke pembeni takwimu za mvua na unyevu, ahesabu visanduku vyote vinne. Jina la baridi yabisi litaendelea kuitwa hivyo. Lakini hadi sasa ushahidi mkubwa tulionao unaelekea kwenye unyevu na upepo, siyo baridi, na hasa siyo ukavu.