Ingizo rudufu

Kila chanzo unachohifadhi kwenye Zotero kinakuwa na rekodi yake: mwandishi, kichwa, mwaka, jarida. Rekodi hiyo tuiite ingizo. Chanzo kimoja kikiwa na maingizo mawili, la pili ni ingizo rudufu. Wapo wanaosema “nakala rudufu”, ila maneno hayo wengine wanayatumia kwa nakala ya akiba, na hapa tunazungumzia kitu tusichokitaka.

Chukua makala ya Leakey, Tobias na Napier ya mwaka 1964 katika jarida la Nature, iliyomtambulisha Homo habilis wa Olduvai. Mwanafunzi ameihifadhi mara mbili. Ya kwanza imeingia vizuri kama `Journal Article`. Ya pili ilichukuliwa kama ukurasa tu wa tovuti: aina yake ni `Web Page`, haina mwandishi wala mwaka, na kichwa chake kimebeba mkia “| Nature”. Akitoa marejeleo sasa, makala ileile itatokea mara mbili, moja kwa jina la Leakey, nyingine ikianza na kichwa.

Akifungua `Duplicate Items` hataiona. Zotero hulinganisha vichwa, DOI na ISBN, kisha waandishi na miaka, na huo mkia unatosha kuipoteza. Kwa hiyo aanze na ingizo bovu lenyewe: abofye `Item Type` achague `Journal Article`, kwani Zotero haiunganishi maingizo ya aina tofauti. Afute mkia. Sehemu ya DOI imejitokeza sasa; aandike humo `10.1038/202007a0`, bila “https” mbele, na ahakikishe ingizo la kwanza nalo linayo. DOI isipojulikana, huwa imeandikwa kwenye ukurasa wa makala wa mchapishaji, au hutafutwa Crossref kwa kichwa. Makala nyingine hazina kabisa, na hapo nafasi iachwe wazi.

Maingizo yote mawili yakishaonekana kwenye `Duplicate Items`, achague lipi liwe la msingi, kisha aunganishe. Neno ni kuunganisha, si kufuta, na tofauti yake ina uzito. Ukiunganisha, PDF, maelezo na vitambulisho vya maingizo yote hubaki kwenye moja, na nukuu zilizokwisha kuingizwa kwenye Word huendelea kulitambua. Ukifuta lile ambalo tasnifu yako ilinukuu, nukuu hiyo inatengana na maktaba. Ukisahihisha jina la mwandishi baadaye, Word haipati habari.

Si maingizo yote yanayofanana ni rudufu. Rasimu iliyowekwa mtandaoni kabla ya kuchapwa na makala iliyochapwa jaridani huwa na DOI mbili, na pengine kurasa zake hazilingani. Nayaacha yote mawili, kisha naingiza kwenye marejeleo lile nililolisoma.